Mita moja, vyumba sita: yanayopaswa kuwamo katika mkataba wa chumba

Fomu ya mkataba wa pango inayouzwa kwenye maduka ya steshenari jijini Dar es Salaam ni fupi. Ina nafasi ya jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha mistari ya sahihi na mashahidi. Anayepangisha nyumba nzima kwa familia moja inaweza kumtosha. Lakini anayepangisha chumba kimoja kimoja Mbagala, Manzese au Tandale, kwenye nyumba yenye korido moja, choo kimoja na LUKU moja, fomu hiyo inamwacha njiani. Ugomvi wa nyumba za namna hii mara chache huanzia ndani ya chumba. Huanzia kwenye vitu ambavyo si vya mtu mmoja.

Ndiyo maana kifungu cha kwanza kabisa kitaje kinachopangishwa. Si "chumba kimoja katika nyumba iliyopo Mbagala", bali chumba namba 4, cha pili kulia ukiingia mlango mkubwa. Baada ya hapo zitajwe sehemu ambazo mpangaji atatumia pamoja na wenzake: korido, choo, bafu, uani, kamba za kuanikia, bomba. Na zitajwe zile ambazo hazimo, kwa mfano stoo ya uani, kibaraza cha mbele alichojiwekea mwenye nyumba genge lake, au nafasi ya kulaza pikipiki. Mpangaji wa bodaboda anayeingiza chombo chake koridoni kila usiku hana kosa ikiwa hakuna aliyemwambia kinalala wapi.

Kisha umeme, na hapa panahitaji utulivu.

TANESCO humpa nafuu mteja wa nyumbani anayetumia umeme mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei za miaka ya karibuni, kodi na tozo zikiwamo, uniti hizo 75 hugharimu takribani shilingi 9,150. Mteja wa kawaida hulipa takribani shilingi 356 kwa uniti moja, ndiyo maana elfu kumi humpa uniti 28 tu. Vyumba sita kwenye mita moja ni vigumu kubaki chini ya uniti 75. Mpangaji mwenye taa mbili na feni, ambaye angekuwa na mita yake angelipa bei ya nafuu, anajikuta analipa bei ya juu kwa sababu ya mita ya pamoja. Hilo mkataba hauwezi kuliondoa. Unachoweza ni kuzuia dhuluma ya pili, ile ya kugawana sawa kwa sawa.

Chukua nyumba ya vyumba sita ambayo kila chumba kimefungwa mita ndogo ya ndani. Vyumba vitatu vina taa, feni na chaji ya simu, kila kimoja kimetumia uniti 15 kwa mwezi. Cha nne kina televisheni pia, kimetumia 25. Viwili vilivyobaki vina friji, kila kimoja 45. Taa za korido, choo na nje zimekula uniti 8. Jumla ni uniti 168, sawa na takribani shilingi 59,800. Wakigawana sawa, kila chumba kitatoa kama shilingi 9,970. Wakifuata mita, chumba chenye feni kitalipa 5,340 za kwake na kama 475 za taa za pamoja, yaani shilingi 5,815, na chenye friji kitalipa karibu 16,500. Kwa hiyo katika mgawo wa sawa, mwenye taa na feni tu anamchangia mwenye friji zaidi ya elfu nne kila mwezi. Kwa miezi sita ni karibu shilingi 25,000, na kwa mtu anayeishi chumba kimoja hiyo si hela ya kunyamazia.

Kifungu kinachotakiwa ni cha namna hii: "Mpangaji atalipia umeme kwa kadiri ya mita ndogo ya chumba chake, kwa bei ileile iliyomo kwenye risiti ya LUKU ya mwezi huo. Umeme wa sehemu za pamoja utagawanywa sawa kwa vyumba vyote vyenye wapangaji. Mita zitasomwa tarehe 1 ya kila mwezi mbele ya mpangaji au mtu aliyemtuma." Maneno "kwa bei ileile" yana kazi yake. Mwenye nyumba anayewauzia wapangaji uniti kwa shilingi 500 atajulikana mara tu mmoja wao atakapoiona risiti, na tangu siku hiyo hakuna hesabu yake nyingine itakayoaminiwa, hata ile ya kweli.

Pasipo mita ndogo, njia iliyobaki ni kupanga mchango kwa vifaa. Mkataba utaje kiwango cha chumba chenye taa na feni tu, nyongeza kwa friji, na vitu ambavyo havitakiwi kabisa, kama jiko la koili au hita ya maji. Njia hii ina udhaifu wake, maana haijui kama pasi imewashwa dakika tano au saa nzima, lakini inashinda kukisia kila mwezi.

Kuna jambo jingine limejificha ndani ya LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye manunuzi ya umeme, na tangu 2023 kiwango chake ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kama wapangaji wananunua umeme kwa zamu, yule aliyeangukiwa na tarehe za mwanzo ndiye anayelipa kodi ya nyumba isiyo yake, na mara nyingi hajui hata kwa nini uniti zimepungua. Jengo ni la mwenye nyumba, na kodi yake ni mzigo wake. Sentensi moja inatosha: makato ya kodi ya jengo yatarudishwa na mwenye nyumba, au yatapunguzwa kwenye kodi ya pango ya aliyeyalipa. Anayesahau sentensi hiyo anaokoa shilingi 18,000 kwa mwaka na kununua manung'uniko ya mwaka mzima.

Maji yanataka uamuzi mmoja tu: ankara igawanywe kwa vyumba au kwa vichwa. Kugawa kwa vyumba ni rahisi, lakini chumba chenye watu wanne kinafua zaidi ya chumba cha kijana anayeondoka alfajiri na kurudi usiku. Wengi huona haki iko kwenye vichwa. Ukichagua vichwa, lazima ujue vichwa ni vingapi, na hapo ndipo kifungu cha wageni kinapoingia.

Kifungu hicho huandikwa vibaya kuliko vyote. "Wageni hawaruhusiwi" ni agizo ambalo hakuna Mswahili atakayelitii. Ndugu akija kutoka Tanga kufuata matibabu Muhimbili hatalala stendi. Kinachowezekana ni kuandika idadi ya watu wanaoishi chumbani kwa majina yao, kisha kuweka mpaka: mgeni wa kulala anaruhusiwa, lakini akizidi siku saba mwenye nyumba ajulishwe, na akizidi mwezi ahesabiwe kwenye mchango wa maji na usafi. Hapohapo iandikwe kwamba mpangaji hamwachii mtu mwingine chumba bila idhini ya maandishi. Kuna wenye nyumba ambao wamegundua baada ya miezi kwamba anayeishi chumbani si yule aliyesaini, bali binamu wa rafiki yake.

Usafi wa choo usiachwe kwenye heshima za watu. Mkataba ueleze zamu ni ya wiki na inafuata namba za vyumba, sabuni na dawa vinanunuliwa kwa mchango, na gharama ya kunyonya shimo likijaa ni ya nani. La mwisho hili husahauliwa mpaka gari la kunyonya limefika uani na dereva anasubiri hela. Kuhusu jengo lenyewe, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo jukumu la kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu. Mkataba unaomtaka mpangaji wa chumba namba 4 azibe paa linalovuja unamtwisha asichopewa na sheria.

Mwenye nyumba anayeishi humohumo huwa na funguo za akiba, na kishawishi cha kuzitumia. Mpangaji ana haki ya kukaa chumbani kwake kwa utulivu. Iandikwe kwamba mwenye nyumba ataingia baada ya kumjulisha mpangaji saa 24 kabla, isipokuwa pakiwa na moto, maji yanayomwagika au hatari nyingine isiyosubiri.

Kodi nayo ina mtego wake. Desturi ya kulipa miezi sita mbele huzaa swali lilelile kila mara: mpangaji akihamishwa kikazi mwezi wa nne, miezi miwili iliyobaki inakwenda wapi? Fomu ya dukani haina jibu. Kifungu chenye busara husema mpangaji atatoa notisi ya siku 30, na mwenye nyumba atarudisha kodi ya siku ambazo hazijatumika kuanzia siku chumba kitakapopata mtu mwingine. Vilevile itajwe wazi kwamba kila chumba kinawajibika kwa deni lake peke yake. Chumba namba 2 kisipolipa umeme, haifai vyumba vitano vilale gizani.

Mpangaji asiyelipa kabisa naye yupo, na mkataba umtaje: atapewa siku ngapi baada ya kodi kuisha, notisi itaandikwa vipi, itakabidhiwa mbele ya nani. Lakini usiandikwe kifungu kinachompa mwenye nyumba ruhusa ya kubadilisha kufuli au kutoa vyombo nje. Sahihi ya mpangaji chini ya maneno hayo haitamwokoa mwenye nyumba shauri likifika mbele. Njia huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi usipozaa matunda ndani ya siku 30, shauri linaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuamuru mtu aondoke.

Sheria inakubali hata mkataba wa mdomo kwa pango la muda mfupi, lakini mdomo haukumbuki usomaji wa mita. Kwa hiyo nakala ziwe mbili zenye sahihi, pamoja na mashahidi, na wengi hupeleka pia ofisi ya serikali ya mtaa kugongewa muhuri. Nyuma ya kila nakala iandikwe hali ya chumba siku ya kuingia: kitasa, vioo vya dirisha, soketi ngapi zinafanya kazi, rangi ya ukuta, idadi ya funguo alizokabidhiwa mpangaji, na namba iliyosomeka kwenye mita yake ndogo siku hiyo.