Kufunga laini hakumtoi mwizi kwenye WhatsApp

Swali ni lilelile, na sasa limeletwa na mama anayeuza vitambaa Soko Mugdi, hapa Garissa. Simu yake iliporwa mkononi jioni ikiwa wazi, na asubuhi akabadilisha laini dukani kwa kitambulisho. "Laini nimefunga," ananiambia, "sasa huyu mtu anaandikaje kwenye kikundi chetu cha ayuuto?" Kabla yake aliniuliza mwalimu, na kabla ya mwalimu dalali wa mbuzi. Wote watatu walifanya jambo moja, wakalala wakiamini wamemaliza.

Jibu langu ni fupi, na nimechoka kulirudia: WhatsApp haiendeshwi na laini. Siku ya kwanza ya kusajili akaunti, kampuni hutuma msimbo wa tarakimu 6 kwa meseji au kwa simu ili kuhakikisha namba ni yako. Ukishauingiza, laini imemaliza kazi yake, kama mdhamini aliyetia sahihi na kwenda zake. Kuanzia hapo programu hujitambulisha kwa funguo zilizohifadhiwa ndani ya simu yenyewe. Mwizi akitoa laini yako na kuitupa Mto Tana, kisha akawasha hotispoti ya rafiki yake, WhatsApp yako itafunguka kwa jina lako na picha yako, na meseji mpya zitaendelea kuingia. Kampuni yenyewe imeandika hivyo kwenye maelezo yake ya msaada kuhusu simu zilizoibwa.

Najua imani hii inatoka wapi. Inatoka M-Pesa. Pesa za simu zimefungwa kwenye laini kweli: laini ya zamani ikizimwa, mwizi hawezi tena kutuma wala kutoa shilingi moja, hata awe anaijua PIN. Kwa hiyo watu wakaona kilichoponya M-Pesa kitaponya kila kitu kilichomo ndani ya simu. Mafundi wengine wanaichochea imani hiyo kwa faida yao. Wanamwambia mteja aliyechanganyikiwa kwamba kwa ada fulani "watazima WhatsApp kwa IMEI". IMEI ni namba ya chombo. Mtandao wa simu unaweza kuitumia kukinyima chombo mawimbi yake, lakini fundi wa kibandani hana mlango wowote wa kuingilia kwenye kompyuta za WhatsApp kupitia IMEI. Hela hiyo imeliwa.

Tumfuate yule dalali wa mbuzi, kwa sababu hali yake ndiyo ya wengi hapa. Alipata laini mpya yenye namba ileile, lakini hakuwa na pesa ya simu nyingine ya kisasa, akanunua kabambe. Kabambe lake halina WhatsApp, kwa hiyo hakuisajili namba yake popote. Na hapo ndipo penye kosa, maana WhatsApp huruhusu simu kuu moja tu kwa kila namba, na simu kuu ilibaki ile iliyo mikononi mwa mwizi. Wanunuzi wa Nairobi wakawa wanamtumia bei za mbuzi na mahali pa kukutana, na kila ujumbe ukawa unaingia kwa mtu asiyemjua. Ingekuwa rahisi kugundua. Mtu mmoja wa familia amtumie ujumbe wa WhatsApp kisha atazame tiki. Tiki moja ina maana ujumbe haujafika popote. Tiki mbili zina maana umefika kwenye kifaa chake fulani, na ikiwa yeye hana kifaa chochote kilichounganishwa, basi umefika kwa mwizi.

Mwalimu alikuwa na WhatsApp wazi kwenye kompyuta ya shule. Akafanya jambo ambalo naona linafanywa na watu werevu kabisa: akabonyeza "Log out" pale kwenye kompyuta, akidhani anamtoa mwizi. Alijitoa yeye mwenyewe. Simu ndiyo kuu na kompyuta ni tawi. Simu inaweza kulikata tawi, tawi haliwezi kuikata simu. Kompyuta iliyounganishwa huendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, na hukatika yenyewe simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14. Kwa hiyo ukiikuta bado wazi, usiifunge. Itumie kuwaonya watu kwenye vikundi, na kusoma mwizi anaandika nini kwa jina lako, kisha fanya lile linalomtoa kweli.

Linalomtoa ni kuisajili namba yako upya kwenye simu nyingine yoyote ya kisasa. Haihitaji kuwa yako. Laini ikae kwenye kabambe, uazime simu ya abti yako, ufungue WhatsApp yake, uende kwenye mipangilio uguse mshale ulio karibu na jina lake, uchague "Add account", uandike namba yako, na msimbo wa tarakimu 6 utaingia kwenye kabambe kwa meseji. Ukiuingiza tu, simu iliyoibwa inapoteza akaunti, na kompyuta zote zilizokuwa zimeunganishwa nazo zinatoka. Ukiulizwa kama urudishe mazungumzo ya zamani, kataa, ili siri zako zisibaki kwenye simu ya abti. Kisha weka mara moja PIN ya uthibitisho wa hatua mbili, ufungue "Linked devices" uone kwamba orodha ni tupu. Ukimaliza, unaweza kuiondoa akaunti kwenye simu ya abti kwa kutoka tu. Mwizi hatarudi bila msimbo, na msimbo unakuja kwenye laini iliyo mfukoni mwako. Usiguse "Delete account", kwa sababu hiyo inakutoa kwenye vikundi vyote na kufuta nakala yako ya mazungumzo.

Kuna tatizo moja linalowavunja moyo watu hapa. Ikiwa mwizi alijiwekea PIN yake mwenyewe kabla hujamtoa, utaingiza msimbo kisha utaombwa PIN usiyoijua, na utaambiwa usubiri siku 7. Subiri kwa amani. Yeye ametoka dakika ile ulipoingiza tarakimu 6, ingawa wewe bado hujaingia. Meseji zilizokuwa na tiki moja zitakufikia baadaye, kwa kuwa huhifadhiwa hadi siku 30. Zile zilizomfikia yeye kwa tiki mbili hazitakuja kwako tena, kwa hiyo waombe watu waliokuandikia siku hizo wakutumie upya.

Sasa jambo ambalo watu hawaliulizi, na ndilo linaloniumiza zaidi. Kumtoa mwizi kunazuia yajayo tu. Yaliyokwisha kushuka ndani ya simu yamo ndani ya simu. Amri ya kutoka hufika simu inapogusa intaneti. Mwizi akiipeleka upande wa Liboi au Hulugho, au popote ambapo mnara umelipuliwa na haujarudishwa, au akizima data tu, WhatsApp itafunguka na mazungumzo ya zamani yatasomeka kana kwamba hujafanya lolote, mpaka siku itakapounganishwa.

Hata ikishaunganishwa na kufungwa, mafaili hayaondoki. Sisi ni watu wa kusema kuliko kuandika, na biashara nyingi za Garissa zinapangwa kwa sauti zilizorekodiwa. Kwenye Android kila sauti hukaa kama faili la kawaida katika folda iitwayo "WhatsApp Voice Notes", na picha ziko kwenye "WhatsApp Images". Mwenye simu iliyo wazi hahitaji WhatsApp kuzisikiliza wala kuzitazama. Meneja wa mafaili anamtosha. Maandishi ya mazungumzo yamefichwa ndani ya hifadhi yake, lakini sauti na picha hazikufichwa. Na katika picha hizo, kwenye eneo ambalo kijana aliyeomba kitambulisho aliulizwa kwa miongo mingi vitambulisho vya baba na babu, mara nyingi kuna picha za vitambulisho vya ukoo mzima.

Meseji za kawaida nazo hubaki kwenye simu hata laini ikitolewa. Zile za M-Pesa zinamwonyesha salio lako la mwisho, nani hukutumia pesa na kwa jina lipi, na hiyo ndiyo habari anayoitumia kumpigia shangazi yako na kujifanya wewe. Barua pepe za Gmail za takriban mwezi mmoja wa mwisho husomeka bila mtandao. Memori kadi huchomolewa na kusomwa kwenye simu nyingine bila kuulizwa neno lolote la siri, hata kama kioo chako kilikuwa kimefungwa. Kioo kilichofungwa kwa PIN nzuri ndicho kinacholinda yale mengine, isipokuwa kama umeruhusu meseji zionekane juu yake. Hapo mwizi anasoma misimbo yako bila kufungua chochote.

Mpangilio wa kazi, basi, kwa haraka. Anza na laini: piga simu ya huduma kwa wateja ya mtandao wako kutoka kwa simu ya mtu mwingine, izimwe, kisha ukaichukue mpya. Bila laini, msimbo wowote unaouomba unakwenda kwa mwizi. Pili ni WhatsApp, kama nilivyoeleza. Usipopata simu ya kuazima kabisa, iandikie WhatsApp kupitia ukurasa wao wa mawasiliano, namba ikiwa na msimbo wa nchi:

```
Lost/Stolen: Please deactivate my account
+2547XXXXXXXX
```

Akaunti iliyozimwa hivyo hukaa siku 30 ikikusubiri, kisha hufutwa.

Tatu ni Google, na hapa utaratibu una maana. Ingia `android.com/find`, funga simu au uifute, kabla ya kuitoa simu kwenye orodha ya vifaa vyako katika `myaccount.google.com/device-activity`. Ukiitoa kwanza, umeikata kamba ambayo amri ya kufuta ingepitia. Simu ikiwa haiko hewani, mimi huacha amri ya kufuta ikingoja, na ninabadilisha nywila za benki na huduma nyingine zinazotumia barua pepe hiyo. Ukijaribu kuingia na Google ikakuambia gusa "Yes" kwenye simu yako iliyoibwa, chagua njia nyingine, msimbo kwa meseji. Usitegemee kubadilisha nywila ya Google peke yake: kifaa ulichokuwa ukikitumia kuthibitisha kwamba ni wewe kinaweza kubaki ndani, kwa hiyo, amri ya kufuta ikishatekelezwa, kitoe kwa jina kwenye orodha. Na kumbuka kwamba kufuta kwa mbali huenda kusiiguse memori kadi.

Wenye Telegram: ingia kwenye kifaa ambacho kilikuwa kimeunganishwa tangu zamani, "Settings", "Devices", "Terminate all other sessions". Kifaa kilichoingia leo hakiruhusiwi kumtoa mwenzake wa zamani kabla ya saa 24 kupita, na kwa saa hizo mwizi anasoma kila kinachoingia, kwa hiyo waambie watu wako wasiandike chochote huko mpaka kesho yake umtoe.