Wasifu Mfupi wa Mwandishi wa Habari

Sentensi mbili tatu chini ya jina la mwandishi humweleza msomaji ni nani aliyeandika habari. Chukua mfano huu: "Mpigania haki anayefichua ufisadi wa kaunti." Maneno hayo yameshatoa hukumu kabla ushahidi haujasomwa. Mhariri makini huyafuta na kuweka yanayoweza kuthibitishwa: "Huripoti bajeti za kaunti na kesi za ardhi kutoka Kisumu tangu 2016. Awali aliripoti habari za mahakama. Anazungumza Kiswahili na Kidholuo." Tuzo hutajwa kwa jina na mwaka, sifa kama "mashuhuri" huachwa. Ikiwa aliwahi kuajiriwa na serikali au chama cha siasa, huandikwa wazi, maana likigunduliwa baadaye, msomaji hushuku hata habari zilizo sahihi.