Je, Wajua? Hisa za mchanga wa Kwale

Kampuni iliyosafirisha madini ya Kwale kupitia gati lake la Likoni haikuwahi kuorodheshwa Nairobi. Mkazi wa Nyali aliyetaka hisa zake alilazimika kuzitafuta Australia au London.

Hisa za kampuni hiyo, Base Resources, ziliuzwa Australia kwa alama BSE. Kuanzia 2013 zikauzwa pia London katika soko dogo la AIM, kwa alama hiyo hiyo. Mnunuzi alipaswa kuwa makini: BSE ni jina la soko la hisa la Bombay pia!

Oktoba 2024 kampuni ya Energy Fuels ya Marekani iliinunua. BSE ikaondolewa katika masoko yote mawili.

Aliyekuwa na hisa 1,000 alipewa hisa 26 za mnunuzi, pamoja na gawio maalumu la dola 65 za Australia. Hisa hizo mpya zina alama mbili: UUUU mjini New York na EFR mjini Toronto. U ni alama ya kikemia ya urani, biashara kuu ya mnunuzi.

Uchimbaji Kwale ulikoma Desemba mwaka huo huo.