Dhahabu Inapokuwa Nyekundu

Dhahabu ya pete ni ya manjano. Dhahabu hiyohiyo ikiwa katika chembe zenye upana wa nanomita 13, zikielea ndani ya maji safi, huyafanya maji hayo yawe mekundu kama kito cha rubi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe kama 5,000 zikipangwa mstari mmoja ndipo hufikia unene wa unywele. Hakuna rangi iliyotiwa ndani ya maji hayo. Mwaka 1857 Michael Faraday alisoma mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London matokeo ya majaribio yake juu ya vimiminika vya namna hii, akashikilia kwamba wekundu unatokana na dhahabu yenyewe, ila imegawanyika vipande vidogo mno. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa London mpaka leo. Alikuwa sahihi, lakini hesabu ya kuonyesha ni kwa nini ilisubiri hadi mwaka 1908, ilipoandikwa na mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie.

Chanzo cha rangi hiyo ni elektroni. Ndani ya metali yoyote zimo elektroni nyingi zisizofungwa kwenye atomu moja, na nuru nayo ni wimbi la umeme na sumaku. Wimbi la nuru ya kijani lina urefu wa nanomita 520 hivi, kwa hiyo chembe ya nanomita 13 ni ndogo mno mbele yake: kwa kila nukta ya wakati, chembe nzima imo ndani ya uga wa umeme unaovuta upande mmoja. Elektroni zote huru husogezwa pamoja kuelekea upande huo. Upande zilikokwenda hupata chaji hasi, upande zilikotoka hubaki na chaji chanya, na chaji hizo mbili zinavutana. Elektroni hurudishwa, hupitiliza, kisha hurudishwa tena.

Mtikisiko huo una kasi yake ya asili, kama bembea inavyokuwa na mwendo wake hata kabla ya mtu kuisukuma. Nuru inayotikisika kwa kasi hiyohiyo huchochea elektroni kwa nguvu kuliko nuru nyingine yoyote, na nishati yake humezwa na chembe. Hali hii ndiyo wanasayansi wanayoiita resonansi ya plasmoni ya uso, na huongezewa neno "ya mahali" kwa sababu mtikisiko umefungiwa ndani ya chembe moja, hausafiri. Kwa chembe ndogo za mviringo ndani ya maji, resonansi huangukia kwenye nanomita 520, yaani nuru ya kijani. Nuru ya bluu nayo hufyonzwa kwa njia nyingine, na elektroni zilizofungwa zaidi ndani ya atomu za dhahabu. Kijani na bluu zikiondoka, jicho hubakiwa na nyekundu.

Jambo la kushika hapa ni ile nguvu inayozirudisha elektroni. Ikiwa kali, mtikisiko huwa wa haraka na resonansi husogea upande wa bluu. Ikilegea, mtikisiko hupungua kasi na resonansi husogea upande wa nyekundu. Umbo la chembe, kitu kinachoizunguka na ujirani wa chembe nyingine vyote hufanya kazi kupitia nguvu hiyo. Ukubwa nao huigusa, ingawa kwa njia ya kuzunguka kidogo.

Chembe za nanomita 13 hutengenezwa kwa njia iliyoelezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951, na ambayo bado inatumika katika maabara nyingi. Myeyusho hafifu wa chumvi ya dhahabu, wenye rangi ya manjano iliyopauka, huchemshwa hadi utokote huku ukikorogwa. Kisha humiminwa humo kwa mkupuo mmoja sitrati ya sodiamu, chumvi ya asidi ileile iliyomo ndani ya limau. Manjano hutoweka, huja rangi ya kijivu kilichokoza, halafu zambarau, na baada ya dakika kadhaa kimiminika hutulia kwenye wekundu wa divai. Sitrati imefanya kazi mbili: imegeuza ioni za dhahabu kuwa metali, na imezivika chembe chaji hasi zinazozifanya zisukumane, zisigandane. Sitrati ikipunguzwa, chembe chache zaidi huanza kujengeka, na kwa kuwa dhahabu ni ileile, kila moja hukua zaidi. Chombo kikiwa kichafu, kazi yote huharibika. Ndiyo maana vyombo vya kioo huoshwa kwanza kwa mchanganyiko wa asidi kali unaoyeyusha hata dhahabu.

Ukubwa wa chembe hubadilisha rangi, lakini kwa uchoyo kuliko watu wengi wanavyodhani. Kati ya nanomita 10 na 20, kilele cha resonansi hakisogei zaidi ya nanomita chache. Kwa chembe ya nanomita 40 hufika 530 hivi, na kwa ya nanomita 100 hukaribia 570. Chembe inapokuwa kubwa, wimbi la nuru halivuti tena sehemu zake zote kwa wakati mmoja. Upande mmoja huchelewa kuupata mvuto, na kuvutana kwa chaji za pande mbili nako huchelewa na kudhoofika. Kuna badiliko jingine linaloonekana wazi zaidi. Chembe ndogo karibu zote humeza nuru tu, na zile zinazokaribia nanomita 80 huitawanya kwa kiasi kinacholingana na zinachokimeza. Kimiminika chake huonekana kama kimetiwa ukungu wa rangi ya udongo kikitazamwa kutoka upande taa ilipo.

Upande wa pili wa mizani, chini ya nanomita 5, elektroni hugonga ukuta wa chembe mara nyingi kiasi kwamba mtikisiko hufa upesi na kilele hutanuka. Chini ya nanomita 2 hutoweka kabisa, na dhahabu huacha kuwa na tabia ya metali. Kutokana na haya yote, rangi peke yake si rula nzuri ya kupimia ukubwa. Anayetaka kujua kama chembe zake ni za nanomita 12 au 18 hana budi kuzitazama kwa hadubini ya elektroni.

Umbo lina nguvu kubwa zaidi. Chembe ikirefushwa iwe kijiti, elektroni hupata njia mbili za kutikisika. Zikitikisika kukata upana, hali hubaki karibu kama ya duara, na kilele hukaa jirani ya 520. Zikitikisika kufuata urefu, chaji hujikusanya kwenye ncha mbili zilizo mbali, mvutano hulegea, na kilele cha pili hutokea mbali upande wa nyekundu. Kwa vijiti vilivyo ndani ya maji iko kanuni ya makadirio: chukua urefu ugawanye kwa unene, zidisha jibu kwa 95, kisha ongeza 420. Kijiti chenye urefu wa nanomita 40 na unene wa 10 kina uwiano wa 4, na kilele chake huwa 800 hivi, nje ya upeo wa jicho la binadamu. Udhaifu wa vijiti ni joto: vikipashwa sana, atomu za kwenye ncha huhama, kijiti hufupika kuelekea duara, na kilele cha pili hurudi polepole upande wa bluu. Anayepima hugundua hilo kwenye chati kabla ya kuona lolote kwa macho.

Kilichoizunguka chembe nacho kinahesabiwa. Maji, mafuta, kioo na protini vyote vina chaji ndani ya molekuli zake, na chaji hizo hujigeuza kukabili zile za kwenye uso wa dhahabu, zikizifuta kwa sehemu. Nguvu ya kurudisha elektroni hupungua, na kilele husogea upande wa nyekundu. Kadiri kitu kinavyopinda nuru zaidi ndivyo msogeo unavyokuwa mkubwa. Kipimo cha upindaji wa nuru ni 1.33 kwa maji na 1.47 kwa gliserini. Chembe za duara zikihamishwa kutoka maji hadi gliserini, kilele husogea kwa nanomita zisizofika kumi. Vijiti husogea nanomita thelathini hivi. Chembe haihisi mbali, lakini. Uga wake hupungua haraka nje ya uso, kwa umbali unaolingana na nusu ya upana wake, kwa hiyo kinachohesabiwa ni kile kilichoigusa au kuikaribia sana.

Jirani mwenye uzito kuliko wote ni chembe nyingine ya dhahabu. Faraday mwenyewe aliona kwamba chumvi kidogo ikitiwa kwenye kimiminika chekundu, kimiminika hugeuka bluu. Ioni za chumvi hufunika chaji za sitrati, chembe hazisukumani tena, hugusana na kushikamana. Chaji za chembe moja sasa huvuta elektroni za jirani yake na kulegeza nguvu ya kurudisha; nuru inayomezwa huhamia kwenye nanomita 600 hadi 700, na inayobaki ni ya bluu. Kwenye chati ya spektrofotomita, kilele cha 520 hushuka na bega jipya huinuka kulia kwake. Kikifika hapo, kimiminika hakirudi kuwa chekundu kwa kuongezwa maji.

Balaa hilo limegeuzwa kuwa kipimo cha ubora kwa watengenezaji wa vipimo vya haraka vya malaria, ambavyo vingi hutumia dhahabu ya namna hii, mara nyingi ya nanomita 40. Kingamwili zinazokamata protini ya kimelea hupakwa juu ya chembe. Zikishika vizuri, kilele husogea nanomita chache, kwa kuwa protini imechukua nafasi ya maji kwenye uso. Kisha tone la chumvi kali hutiwa kwenye sampuli ndogo. Ikibaki nyekundu, kila chembe imefunikwa. Ikigeuka zambarau au bluu, kingamwili hazikutosha na kazi inarudiwa.

Ndani ya kipimo, damu hubeba chembe hizo kupita kwenye utepe. Mahali palipowekwa mtego, zile zilizokamata protini ya kimelea hujazana, na mstari mwekundu hutokea. Chembe moja ya nanomita 13 tayari hufyonza nuru zaidi ya mara elfu kuliko molekuli moja ya rangi ya kawaida, na za nanomita 40 huizidi hata hiyo. Ndiyo maana jicho linatosha bila mashine. Unyevu na joto kupita kiasi huharibu kingamwili na kufanya chembe zigandane, kwa hiyo pakiti hufunguliwa wakati wa kupima tu. Mstari wa T ulio hafifu husomwa kuwa una malaria sawa na ulioiva, kwani wepesi wa rangi unaeleza tu kwamba chembe zilizonaswa ni chache. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho hakifai na mgonjwa apimwe upya kwa kingine.