Pesa za Wazee Kuja kwa Simu: Je, Laini Iko kwa Jina la Nani?

Mzee anatembea saa mbili hadi kwa ajenti wa benki pale sokoni kuchukua pesa zake za Inua Jamii, shilingi 2,000 za kila mwezi. Ajenti anamwambia, "Mzee, siku hizi hazipitii hapa, zinatumwa kwa simu." Simu anayo mfukoni, lakini hakuna meseji iliyoingia.

Shida iko wapi? Ile laini alinunuliwa na mjukuu, ikasajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu. Jina lililo kwenye orodha ya malipo ni la mzee. Majina yasipolingana, pesa zinakwama.

Kama una mzee nyumbani, usingoje siku ya malipo. Mtumie shilingi 10, kisha usome jina linalotokea kwenye meseji. Si lake? Mpeleke yeye mwenyewe, na kitambulisho chake halisi, kwa duka la kampuni ya simu asajiliwe laini kwa jina lake.

Hapo wengi wetu hudhani tumemaliza, lakini bado. Laini mpya haijiingizi kwenye orodha. Mzee aipeleke nambari hiyo kwa chifu au ofisi ya ustawi wa jamii, ibadilishwe huko.

Mjukuu anaweza kumsaidia kusoma meseji. Lakini PIN ni ya mzee, hata kama ataichapa polepole pale kwa ajenti.