Nafasi Isiyoonekana Inayovuruga Jedwali

Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo ana majedwali mawili kwenye Excel. Moja ni orodha ya wanachama aliyoichapa mwenyewe. La pili ni la malipo, amelinakili kutoka kwenye tovuti. Anaandika VLOOKUP ili kuvuta kiasi alicholipa kila mwanachama. Namba MW-0417 ipo pande zote mbili, anaiona kwa macho yake, lakini jibu ni #N/A.

Fomula haina kosa. Kwa kompyuta, nafasi nayo ni herufi yenye namba yake, kama zilivyo A na 7, na herufi moja ya ziada inatosha kuifanya MW-0417 kuwa kitu kingine kabisa. Kabla ya kufuta chochote, apime urefu:

```
=LEN(D2)
```

MW-0417 ina herufi 7. Jibu likija 8, kuna mgeni, na mara nyingi amejificha mwishoni. Fomula hii humtaja kwa namba:

```
=UNICODE(RIGHT(D2))
```

Ikiwa 32, hiyo ni nafasi ya kawaida, na TRIM itaiondoa. Ikiwa 160, ni nafasi isiyokatika, ambayo watengeneza tovuti huiweka ili maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari. TRIM haiigusi, kwa kuwa inashughulika na 32 tu. CLEAN nayo huondoa namba 0 hadi 31. Ndiyo maana watu huzitumia zote mbili na bado #N/A haiondoki.

Dawa ni kuigeuza kwanza iwe nafasi ya kawaida, kisha kupunguza:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(D2,UNICHAR(160)," "))
```

Isifutwe moja kwa moja. Katika safu ya majina inaweza kuwa katikati, na Asha Juma akageuka AshaJuma.

Namba 8203 ni tofauti: haina upana wowote, hivyo hiyo huondolewa bila kuwekewa kitu, kwa kuandika "" mahali pa " ". Kuitafuta kwa CODE ni kupoteza muda, maana kwenye Windows CODE hurudisha 63, namba ya alama ya kuuliza.

Mtego mwingine ni kwamba SUBSTITUTE hurudisha maandishi siku zote. Chama kinachotumia namba tupu kama 417 kitapata "417" ya maandishi, isiyolingana na 417 ya hesabu, mpaka fomula nzima izungushiwe VALUE. Lakini kama namba ni 0417, VALUE itaila sifuri ya mbele. Hapo ni bora pande zote mbili zibaki maandishi.

Kinachotisha zaidi ni IFERROR inayoandika 0 pale pasipopatikana jibu. Jedwali hupendeza, ila mwanachama aliyelipa huandikwa kuwa hajalipa. #N/A iachwe ionekane mpaka kila moja ijulikane imetokana na nini.