Dumu la Lita 20 na Dira ya Ukutani

Katika ofisi nyingi za Mbulu na Hanang, kuanzia zile za halmashauri hadi chumba kimoja cha chama cha akiba na mikopo, utakuta karatasi ndani ya fremu, jirani na picha ya Rais. Ina vichwa viwili, Dira na Dhima, na kabla hujaisoma unaweza kuikisia: jamii yenye maisha bora na maendeleo endelevu, huduma zenye ubora, ufanisi na uwazi, kwa kushirikisha wadau wote. Nimekaa kwenye vikao vya mipango mkakati kwa miaka mingi. Nakiri kwamba baadhi ya sentensi hizo nilizitunga mimi, saa kumi na moja jioni, wajumbe wakichungulia dirishani kama gari la Karatu limeshafika.

Sentensi kama hizo hazisemi uongo. Kasoro yake ni kwamba haziwezi kuja kuonekana kuwa uongo hata mambo yaharibike vipi. Njia ya haraka ya kuijua ni kuigeuza sentensi kichwa chini. Ukigeuza "kutoa huduma bora kwa wananchi wote" unapata "kutoa huduma duni kwa wananchi wachache", na hakuna ofisi duniani itakayobandika hilo ukutani. Ikiwa kinyume cha kauli hakimo katika akili ya mtu yeyote, basi kauli yenyewe haikuchagua chochote. Njia ya pili ni kufuta jina la taasisi na kuandika la jirani. Kama dira ya chombo cha maji inakaa sawasawa kwenye ofisi ya mazao, haihusu maji.

Neno letu lenyewe lina ukali ambao tumeusahau. Dira ni chombo cha baharia, na baharia hakitazami ili ajisikie vizuri. Anakitazama ili ajue kama amepotea.

Taifa limewahi kuandika kauli ya aina hiyo, inayoweza kuonyesha kama tumepotea. Dira ya Maendeleo ya 2025 ilikuwa na maneno mengi mazuri, lakini ilikuwa pia na ahadi moja yenye meno: Tanzania iwe nchi ya kipato cha kati ifikapo mwaka 2025. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatangaza kuwa tumeingia daraja la chini la kipato cha kati, kwa wastani wa dola 1,080 kwa kila mtu, wakati mpaka ulikuwa dola 1,036. Watu walibishana vikali kama namba hiyo inaonekana mezani kwao. Mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu palikuwa na namba. Kaulimbiu ya uchaguzi wa 2005, maisha bora kwa kila Mtanzania, mpaka leo hakuna anayeweza kutaja siku ambayo ilitimia au ilishindikana. Dira ya 2050, iliyozinduliwa Julai 2025, nayo imejiwekea mahali pa kukamatiwa: uchumi wa dola trilioni moja na wastani wa dola 7,000 kwa mtu.

Dola trilioni ziko mbali na Mbulu, kwa hiyo nieleze kazi moja ndogo niliyoifanya na chombo cha maji cha jamii katika vilima vya huku juu. Tangu RUWASA ianzishwe mwaka 2019, miradi mingi ya maji vijijini inaendeshwa na vyombo vya namna hii, vyenye mwenyekiti, katibu, mhasibu na fundi. Dira yao ilisema "jamii yenye maji safi, salama na endelevu". Niliwauliza wajumbe kumi waniambie, kila mmoja kwenye karatasi yake, kama dira hiyo imetimia. Wanne waliandika ndiyo, watatu hapana, watatu wakaacha wazi. Waliishi katika vitongoji vile vile na waliteka kwenye mabomba yale yale.

Hatukuhitaji kubuni kipimo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikuwa imeshakiandika: kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 za maji salama kwa siku, mwaka mzima, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka kaya ya mbali kabisa, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ukiisoma polepole utaona kila neno linabana. Imetaja kaya ya mbali kabisa, si wastani, kwa sababu wastani huficha bibi wa kitongoji cha mwisho. Imesema mwaka mzima, kwa hiyo huwezi kupima Aprili mvua zikinyesha ukajipongeza.

Namba hizo zikishuka hadi kwenye bomba zinakuwa hivi. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250 kwa siku, yaani madumu 312 na nusu ya lita 20. Bomba likijaza dumu kwa dakika moja, kazi yote inakwisha kwa saa 5 na dakika kidogo. Likijaza kwa dakika mbili, inahitaji karibu saa 10 na nusu za kuteka bila kupumzika, ambazo ni mchana mzima. Likifika dakika tatu, zinahitajika zaidi ya saa 15 na nusu, na hapo hata foleni ikipangwa kwa haki kuna watu watakaorudi na madumu matupu. Kwa hiyo mpaka wetu ukawa dakika mbili. Ni kipimo ambacho mama yeyote mwenye dumu na simu anaweza kukichukua bila mtaalamu.

Sentensi mpya ikaandikwa: "Ifikapo Oktoba ya mwaka wa tatu, kila kaya katika vitongoji vyetu vitano iwe na kituo cha maji salama kisichozidi mita 400 kwa njia ya miguu, kinachojaza dumu la lita 20 ndani ya dakika mbili." Dhima nayo, iliyokuwa na "kushirikisha jamii kwa ufanisi", ikawa kazi za kushikika: kukusanya ada, kutengeneza kilichoharibika ndani ya siku tatu, na kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano kila miezi mitatu.

Tulisema Oktoba kwa sababu ndio mwisho wa kiangazi, chemchemi zikiwa zimenywea. Tulisema njia ya miguu kwa sababu Wairaqw hawakujenga nyumba zao kwa kubanana. Kaya zimetawanyika juu ya migongo ya vilima, na mita 400 za kwenye ramani zinaweza kuwa bonde zima la kushuka na kupanda na dumu mgongoni.

Upimaji wa kwanza uliharibika, na uliharibika kama kawaida yake. Fundi alijipimia mwenyewe, alfajiri, tanki likiwa limejaa usiku kucha. Mabomba yote yalifaulu. Tuliporudia saa kumi jioni, mpimaji akiwa mtu wa kitongoji kingine, mabomba mawili ya juu yalichukua zaidi ya dakika nne. Fundi hakuwa mwongo. Alipima saa ambayo maji yalikuwepo. Tangu siku hiyo karatasi ya upimaji ina saa, jina la mpimaji na sharti kwamba asiwe mwendeshaji wa mradi.

Mjumbe mmoja akauliza swali ambalo huulizwa kila mahali, ingawa kwa kawaida nje ya kikao: "Mwalimu, tukiandika hivi halafu tukashindwa, si tutaaibika?" Nilimjibu kwa habari ya Haydom, ambayo si mbali na hapo.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, imekuwa mahali pa utafiti mkubwa kuhusu watoto wanaozaliwa bila kupumua. Ingeweza kuridhika na "huduma bora kwa mama na mtoto". Mafunzo yaliyoletwa yalikuwa na kauli nyembamba zaidi, ile ya dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua awe amesaidiwa kupumua kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Waangalizi wakakaa kwenye vyumba vya kujifungulia wakihesabu muda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliofuata watoto zaidi ya 5,800, ilionekana kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa hewa mtoto anayehitaji ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu.

Sehemu iliyonivutia ni iliyofuata. Wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mdoli. Miezi kadhaa baadaye walijaribiwa tena, na kwenye mdoli walifanya vizuri mno kuliko awali. Lakini waangalizi walipotazama chumba halisi cha kujifungulia, mwenendo haukuwa umebadilika. Fikiria taasisi yenye dhima ya "kujenga uwezo wa watumishi": ingeandika kwenye taarifa kwamba mafunzo yamefanyika, wamehudhuria wangapi na wamefaulu wangapi, na kila neno lingekuwa kweli. Haydom, kauli ya dakika moja iliwakatalia. Wakabadilisha njia: badala ya siku moja ndefu, mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki hapo hapo kazini, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Utafiti wa aina hiyo, wa kabla na baada, hauwezi kuthibitisha kwamba mazoezi peke yake ndiyo yaliyoleta tofauti yote, na mtu mwangalifu ataliweka hilo akilini. Lakini bila kauli inayoweza kushindwa, wasingejua hata kwamba mdoli uliwadanganya.

Nisieleweke kwamba kila kitu kiwe na saa na lita. Taasisi ya dini inayosema inahudumu kwa upendo wa Mungu haitungi kaulimbiu tupu. Inataja chanzo cha kazi yake, na hilo linastahili kukaa chini ya kichwa cha Maadili au Imani, peke yake. Tatizo huanza neno hilo linapobebeshwa kazi ya kueleza nini kitakuwa tofauti mwaka kesho.

Kikao chetu cha maji kilikuwa kinakaribia kufungwa mzee mmoja aliponyoosha mkono. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi. "Lita 25 ni za mtu," alisema. "Ng'ombe wangu watakunywa wapi?"

Chini ya dira ya zamani swali hilo lisingeulizwa, maana "maji endelevu" yalimtosha kila mtu na kila mfugo. Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 au zaidi kwa siku ya joto. Kaya ya watu sita inahitaji lita 150, na ng'ombe wake watano tu wanaifikia. Wanaponyweshwa kwenye bomba la watu, hesabu yetu ya madumu 312 imeshavurugika kabla ya saa sita.

Mwenyekiti aliomba kalamu. Baada ya ubishi wa karibu saa nzima, gari la Karatu likiwa limeshaondoka, waliongeza sentensi fupi: vituo hivi ni vya matumizi ya nyumbani, na mifugo itakuwa na birika lake, lenye mita yake na ada yake. Wawili walipiga kura ya kupinga. Majina yao yapo kwenye muhtasari.